Uzi: Kotesheni ya viroba siichukui safari hii, ila mwenye kiwanda nitamhitaji msimu wa mavuno. Namwandikiaje?

Mwenye_Mashine

Wakuu, habari za jioni. Nina mashine ya kukoboa na kusaga hapa Kibaigwa, nauza sembe kwenye viroba vya kilo 5 vyenye nembo yangu. Viroba vilivyopo stoo vinaelekea ukingoni, kwa hiyo niliomba kotesheni kwa watu watatu, wote wa Dar. Nahitaji viroba 5,000 vya salfeti, rangi mbili, vinifikishe hadi mavuno.

Wa kwanza ni kiwanda. Ametoa 310 kwa kiroba, pleti za kuchapia 240,000, kiwango cha chini cha oda ni 10,000, anataka asilimia 70 kabla ya kuanza, na mzigo unatoka baada ya siku 21. Wa pili ni mchapaji mdogo. Ametoa 350 pamoja na kila kitu, pleti humo humo, anaanzia viroba 3,000, nusu ya hela mwanzo, siku 14. Wa tatu ni mtu wa kati tu, 420, na sampuli hakuleta.

Nimeamua kwenda na wa pili. Wa tatu hanisumbui kichwa. Anayenipa mawazo ni wa kwanza. Dada wa mauzo wa pale amenihudumia vizuri mno: alinitumia sampuli kwa basi, akanichorea mchoro wa kiroba bila kunitoza, akanipigia kunielewesha tofauti ya uzito wa kitambaa. Viroba vyao nimevijaza unga na kuvidondosha kutoka usawa wa bega, mshono haukuachia. Mwezi wa sita, mahindi yakiwa mengi, nitahitaji viroba 10,000 au zaidi, na hapo ndipo ninapomtaka yeye.

Nimeandika hivi, bado sijatuma:

"Habari dada. Tumepokea kotesheni yenu, tumeipitia na tumeridhika nayo. Ila kwa sasa bajeti inabana kidogo. Tutawasiliana hivi karibuni. Asante kwa ushirikiano."

Naomba mnirekebishie.

Kijana_wa_Soko

Mkuu unajisumbua bure. Mfanyabiashara akitoa bei na asipoona oda, anajua mwenyewe kwamba mzigo umekwenda kwingine. Kaa kimya, mwezi wa sita mpigie, atafurahi kukusikia. Au kama unamtaka kweli, mwambie kuna mwenzake ametoa 280 uone atakavyoshuka.

Mzee_wa_LPO

Mwanangu Mwenye_Mashine, kabla ya barua nijibu mambo mawili. Hiyo 310 ina VAT ndani au haina? Na huyo wa pili umeshampa oda ya maandishi akaikubali, au bado mko kwenye mazungumzo ya simu?

Nimekaa dawati la manunuzi maisha yangu yote ya kazi, na barua za kukataa zinazoleta taabu nyingi hazina kosa la lugha. Huwa zimetumwa siku isiyo yake, au zimetaja sababu ambayo siyo.

Mwenye_Mashine

Shikamoo mzee. Nimeirudia kotesheni. Chini kabisa, chini ya sahihi, imeandikwa bei haijajumuisha VAT. Ya wa pili imeandikwa pamoja na VAT. Mimi sijasajiliwa VAT.

Wa pili tumekubaliana kwa simu tu. Aliniambia nimtumie LPO na hela ya awali aanze.

Mzee_wa_LPO

Marahaba. Basi tuzipange hesabu vizuri, maana humo ndimo utakamopata sababu ya kuandika.

Kwa kuwa hujasajiliwa, hiyo VAT hutairudishiwa na mtu. 310 ukiongeza asilimia 18 ni 365.80. Kwa hiyo kiwanda, ambacho kwenye karatasi kinaonekana rahisi kwa shilingi 40, kwako ni ghali kidogo kuliko mchapaji mdogo. Ila tofauti ya shilingi 15 na kitu kwa kiroba isingekuondoa kwenye kitambaa imara na mshono mzuri. Tazama fedha inayokutoka mkononi. Viroba 10,000 kwa 365.80 ni 3,658,000. Pleti 240,000 na VAT yake ni 283,200. Jumla 3,941,200, na asilimia 70 ya hiyo ni 2,758,840 unayotakiwa kuitoa kabla ya kuona kiroba hata kimoja. Kwa wa pili jumla nzima ni 1,750,000, na mwanzo unatoa 875,000.

Kilichokufukuza kwa dada huyu, basi, ni kiwango cha chini. Unahitaji nusu ya anachouza. Sababu ya namna hiyo ni nzuri kuiandika kwa sababu haimlaumu, inathibitika, na mwezi wa sita itakuwa imeondoka yenyewe.

Sasa rasimu yako. "Tumeridhika nayo" iondoe. Msomaji mwenye haraka anasoma hapo tu, anaona umekubali. "Bajeti inabana" nayo iondoe. Ukimwambia mtu wa mauzo kwamba tatizo ni hela, umempa kazi ya kutatua: atakwenda kwa meneja wake kukuombea punguzo, atarudi na bei mpya, na wewe hukutaka bei mpya. Utamkataa mara ya pili, na safari hiyo huna sababu tena. "Tutawasiliana hivi karibuni" ndiyo mbaya kuliko zote. Hivi karibuni ni lini? Kwako ni mwezi wa sita. Kwake ni wiki ijayo.

Dada_Vifungashio

Nimefanya kazi upande wa pili wa meza, mauzo ya vifungashio, kwa hiyo niseme kinachotokea mteja anapotuandikia "tutawasiliana".

Kwanza naendelea kukuhesabu. Kila Jumatatu kwenye kikao naulizwa kotesheni zilizo wazi, nami nasema yule wa Kibaigwa yupo, anakaribia. Meneja wa uzalishaji anakuwekea nafasi kwenye ratiba ya mashine. Kama kitambaa cha uzito wako hakipo kwa wingi, kuna roli inatengwa. Kisha nakupigia. Hupokei. Nakupigia tena. Siku ya tatu unapokea na kuniambia bado unajipanga. Hapo ndipo mteja anapoharibika machoni petu. Oda kwenda kwingine ni jambo la kila siku na hatununi. Kinachouma ni kwamba nilimzuilia mtu nafasi, nikamsemea kwa bosi, naye alikuwa ameshaamua.

La pili, ndugu yangu Kijana_wa_Soko, habari ya kukaa kimya haiwezekani kwa bidhaa hii. Viroba vinatembea. Dereva wetu akipeleka mzigo Dodoma anapita Kibaigwa barabarani, atakuta sembe ya Mwenye_Mashine imefungwa kwenye viroba vipya vya mchapaji mwingine. Mwezi wa sita akipiga simu tutampa bei, ndiyo, lakini atapewa ile ya orodha, na asilimia 70 haitapungua hata moja.

La tatu sijaona mtu akiliuliza. Mwenye_Mashine, ule mchoro aliokuchorea uko wapi? Umempa mchapaji wa pili?

Mwenye_Mashine

Bado. Nilikuwa nampelekea pamoja na LPO. Nembo ni yangu, na rangi nilichagua mimi.

Dada_Vifungashio

Usimpelekee. Nembo ni yako na maneno ni yako, lakini ule mpangilio, vipimo vya mshono, mgawanyo wa rangi kwa ajili ya pleti, ni kazi ya mtu wao aliyekaa kwenye kompyuta siku nzima akitegemea oda. Ukimpa mshindani, tutautambua mchoro wetu mara tu tukikiona kiroba, maana kila mchoraji ana namna yake ya kuweka alama pembeni. Nimeona wateja wakisamehewa mengi, hilo sikuwahi kuona likisamehewa.

Mpe wa pili nembo peke yake, achore upya. Na kama unaupenda sana ule wa kwanza, uliza kama wanauuza. Wengine tunatoza kiasi kidogo tunauachia, wengine hawakubali.

Tenda_Kwanza

Wadau, taratibu zipo wazi, msimbabaishe. Kwenye manunuzi kila aliyeshindwa anatakiwa apewe notisi ya kusudio la kutoa tuzo: aliyeshinda ni nani, kwa bei gani, na wewe umeshindwa kwa sababu gani. Mimi nashiriki zabuni za serikali kupitia NeST, notisi hizo napata. Kwa hiyo Mwenye_Mashine amwandikie huyo dada jina la mchapaji wa pili na bei ya 350, aone mwenyewe. Huo ndio uwazi.

Mzee_wa_LPO

Ndugu Tenda_Kwanza, kwa serikali umesema sawa. Fedha ni ya umma, na aliyeshindwa ana haki ya kulalamika kabla mkataba haujasainiwa, sasa atalalamika vipi kama hajui ameshindwa na nani? Mwenye_Mashine ananunua kwa fedha yake. Hana wajibu huo, na ana wajibu mwingine: mchapaji wa pili alimpa bei yeye, hakuipa soko zima. Ukiitoa bei ya mtu kwa mshindani wake, anayeipokea atakushukuru leo na kesho hatakupa bei yake nzuri, kwa kuwa amejua inakokwenda.

Ila ulichokishika ni kweli, kwamba aliyeshindwa apewe sababu mahususi. Hilo lichukueni.

Dada_Vifungashio

Mzee, hapo nakupinga kidogo kwa heshima. Jina na bei sitaki. Lakini kujua nilikuwa juu kwa kiasi gani kunanisaidia mno. Mteja akiniambia tu "mlikuwa juu kwa asilimia 4 hivi baada ya VAT", najua tuko karibu, na safari ijayo naanza na bei inayokaribiana. Akikaa kimya, sijui kama nilizidi kwa 4 au kwa 40.

Mzee_wa_LPO

Ukisema asilimia 4, binti yangu, mwenye kikokotoo ameshaipata ile 350. Mimi nilikuwa naishia kusema "bei yenu ilikuwa ya ushindani" kama ni kweli, au "bei ilichangia" kama ni kweli, na sikupita hapo.

Dada_Vifungashio

Na sisi tulikuwa tunalichukia sana neno "ya ushindani" kwa sababu kila mtu analiandika. Basi tukubaliane kutokubaliana, mzee wangu.

Likoni_Jikoni

Hamjambo huko. Mimi niko Mombasa, napika chakula cha harusi na maofisi. Hii yenu ni rahisi kwa sababu huyo dada si wa nyumbani. Mimi shemeji yangu ndiye anakodisha mahema na viti. Alinipa kotesheni ya shughuli moja ya watu 300, nikaona iko juu, na viti vyake vingi vimevunjika miguu. Kumwambia bei si tatizo, lakini nitamwambiaje kuhusu viti? Nikisema mteja amechagua mwingine, ni uwongo, mteja ameniachia mimi nichague. Nikinyamaza, mama mkwe atanipigia kabla ya Ijumaa.

Mzee_wa_LPO

Dada wa Likoni, ya kwako ni tofauti na ya huyu. Yeye sababu yake itajiondoa yenyewe msimu ukifika. Ya kwako haitaondoka mpaka viti vitengenezwe, kwa hiyo ukimficha utamkataa kila harusi. Usimwandikie ujumbe. Nenda, kaa naye, mwambie peke yake bila watu wa nyumbani, na useme idadi: viti vingapi ulivihesabu vibovu. Kisha mpe kitu unachoweza kukichukua kwake kweli. Kama mahema yake ni mazuri, chukua mahema, viti kodi kwingine.

Likoni_Jikoni

Mahema ni mazuri, hapo sina neno. Sikuwa nimefikiria kuvigawa. Ila shemeji ni mtu wa kusema "chukua vyote au acha vyote".

Kijana_wa_Soko

Mzee hujanijibu lile la 280. Biashara ni kuvutana. Kwa nini asitumie kukataa kama kamba ya kumvuta ashuke?

Mzee_wa_LPO

Kwa sababu kukataa na kuomba punguzo ni barua mbili, na kila moja ina siku yake. Kama anataka punguzo, aombe kabla ya kuamua, na aombe kwa jambo la kweli: "naweza kuchukua 10,000 mkinipelekea kwa awamu mbili na kunilipisha kwa awamu?" Hilo ni ombi halali na lina heshima. Akishaamua, anakataa, basi. Ukimwambia mtu "hapana" na kesho ukakubali kwa kuwa ameshuka, umemfundisha kwamba hapana yako ni mwanzo wa bei, na kuanzia hapo kila kotesheni atakayokupa itakuwa na kilemba cha kushushia.

Na hiyo 280 haipo. Dada yule anajua salfeti inanunuliwaje na pleti zinagharimu nini. Ukimtajia bei ambayo mtu akiuza anapata hasara, hatashuka, ataacha tu kukuamini.

Lipo na la sheria, ingawa watu wa viroba hawapelekani mahakamani. Kotesheni yenye muda wa uhai kwa kawaida ni pendekezo. Ukiikataa, pendekezo limekufa palepale hata kama muda wake ulikuwa umebaki. Hata ukimjibu kwa sharti lako, "nakubali ila iwe 280", kwa Sheria ya Mikataba hujakubali, umetoa pendekezo jipya, na yeye halazimiki kurudi kwenye 310. Kwa hiyo mwezi wa sita usimpigie kumwambia "nipe ile bei yetu". Utaomba kotesheni mpya. Na barua yako iseme hivyo hivyo, asije akadhani umemfunga.

Kwa hiyo hiyo, Mwenye_Mashine, leo usitume kitu kwa wa kwanza. Kotesheni yake ina uhai wa siku ngapi?

Mwenye_Mashine

Siku 30. Zimebaki 17.

Mzee_wa_LPO

Vizuri. Mtumie wa pili LPO: idadi, uzito wa kitambaa, rangi, bei pamoja na VAT, tarehe ya mzigo. Subiri aijibu kwa maandishi kwamba ameikubali. Mlipe awali, chukua risiti ya EFD. Halafu mwombe kiroba cha mfano kilichochapwa kwa pleti zako kabla hajaendelea na zote. Ukikiona na kukikubali, siku hiyo hiyo mwandikie wa kwanza. Ukimkataa leo, na kesho mchapaji mdogo akakuambia mashine imeharibika, utakuwa umebaki mikono mitupu na viroba vinakuishia.

Wa tatu unaweza kumkataa hata sasa hivi, maana hata wote wawili wakishindwa hutakwenda kwake. Mistari miwili inatosha: asante kwa kotesheni namba fulani, oda hii hatutaiweka kwenu, tumechagua muuzaji aliyetuonyesha sampuli. Usimwahidi safari ijayo kama haipo.

Dada_Vifungashio

Niongeze tu kwamba siku 17 ni nyingi kutukalisha. Akikupigia katikati, pokea simu. Mwambie ukweli: "bado sijafunga uamuzi, nitakujibu kwa maandishi kufikia Alhamisi, na kwa sasa msinitengee malighafi." Hilo la malighafi halikugharimu kitu, na kwetu lina uzito kuliko asante kumi.

Mwenye_Mashine

Nimerudi wakuu. Wa pili ameikubali LPO, nimelipa 875,000, risiti ninayo, na nembo nilimpa peke yake akachora upya. Jana kiroba cha mfano kilifika kwa basi. Rangi ya kijani imekolea kuliko nilivyotaka, amerekebisha, leo nimekubali. Sasa nataka kutuma hii:

"Habari za kazi dada. Nakushukuru kwa kotesheni yenu ya viroba vya kilo 5 ya tarehe 4, pamoja na sampuli na maelezo uliyonipa kwa simu.

Baada ya kulinganisha, oda ya safari hii hatutaiweka kwenu. Sababu kubwa ni kiwango cha chini. Kwa sasa mahitaji yetu ni viroba 5,000, na kwenu oda inaanzia 10,000 na malipo ya awali ya asilimia 70. Ubora wa kiroba chenu tuliupenda, tulikijaribu na mshono ulistahimili.

Tafadhali msitutengee malighafi wala nafasi ya mashine kwa kotesheni hii. Mchoro mliotuandalia hatujautumia na hatutampa mchapaji mwingine.

Mwezi wa sita tunatarajia kuhitaji viroba 10,000 au zaidi. Tutakuomba kotesheni mpya wiki ya kwanza ya mwezi wa tano, ili tuwe na muda wa siku zenu 21. Kama kufikia hapo mtakuwa na utaratibu wa kupeleka mzigo kwa awamu, tutafurahi kuuona."

Mzee_wa_LPO

Hapo sina la kuongeza kwenye maneno. Swali moja: hiyo wiki ya kwanza ya mwezi wa tano, una uhakika? Kama huna, andika "kabla ya msimu". Ukitaja wiki, iandike ukutani stooni, na hata kama utakuwa umebadili mawazo, wiki hiyo umwandikie.

Mwenye_Mashine

Nina uhakika. Siku 21 zao nikihesabu nyuma kutoka mwezi wa sita, pamoja na muda wa kupitisha pleti, ni lazima nianze hapo.

Dada_Vifungashio

Tuma kwa barua pepe iliyokuletea kotesheni, ili ikae kwenye faili lao hata dada huyo akihama kazi. Kisha mtumie ujumbe mfupi wasap: "dada, nimekujibu kwenye barua pepe." Usimtumie kukataliwa kwenye wasap peke yake, kunapotea kati ya picha za wateja.

Sampuli alizokutumia zilikuwa ngapi?

Mwenye_Mashine

Ishirini. Nimetumia mbili kujaribia.

Dada_Vifungashio

Hizo kwa kawaida hatuzidai. Ila usizifungie unga ukauza. Zingine weka, utazihitaji kulinganisha kitambaa watakapokuletea mzigo wa mwezi wa sita.

Mwenye_Mashine

Wakuu, nilituma asubuhi, na mchana huu amejibu. Ameshukuru sana, amesema ni wachache wanaojibu. Lakini ameongeza jambo. Meneja wake amekubali kunichapia 5,000 kwa 330 pamoja na VAT, pleti bure, awali asilimia 50. Ofa ni ya wiki hii tu.

Na wa pili ana hela yangu tayari.

Kijana_wa_Soko

Shilingi 20 mara 5,000 ni laki nzima. Na kiroba chenyewe ndicho ulichokipenda tangu mwanzo. Mpigie wa pili, mwambie arudishe awali, mpe fidia ya pleti mgawane hasara. Laki ni laki mkuu.

Mzee_wa_LPO

Pleti zake zimeshachongwa, mfano umeshaukubali, LPO ameikubali. Huo ni mkataba. Ukiuvunja, hatakudai pleti peke yake. Na laki yenyewe itaishia humo.

Mjibu dada leo, usimkalishe: oda imeshatoka, ungetamani kuipokea, huwezi kumrudia mwenzako nyuma. Kisha muulize moja tu: je, masharti haya ya asilimia 50 na pleti bure yanaweza kuwa msingi wa kotesheni ya mwezi wa tano?

Dada_Vifungashio

Mzee, hilo la mwisho angelisubirisha. Kiwanda kinachopewa "hapana" na ombi ndani ya barua moja kinaona mteja anavuta. Ajibu asante na oda imeshatoka, basi. Mwezi wa tano aanzie hapo, barua ya 330 atakuwa nayo mkononi.

Mzee_wa_LPO

Mwezi wa tano bei ya malighafi itakuwa imebadilika na watasema ile ilikuwa ofa ya wiki moja. Imeandikwa hivyo hivyo, ya wiki hii tu. Kuuliza leo ndio wakati wake, meneja akiwa bado anakumbuka kwa nini alikubali.

Likoni_Jikoni

Samahani niwakatize. Shemeji amekubali mahema peke yake! Ila ameniuliza nani nimempa viti. Namwambia?

Mwenye_Mashine

Hongera dada. Mimi nimemjibu kwa kifupi, asante na oda imeshatoka. La masharti ya mwezi wa tano sijaliweka, nalifikiria hadi kesho. Mzee na dada, naomba mnijuze: kama nitamuuliza, nimuulize yeye au nimwombe namba ya meneja? Naogopa kumruka.